Fomu inasema karafuu, stetimenti inasema nini? Namna ya kupima chanzo cha fedha cha mteja wa Pemba

Mafaili ya akaunti binafsi za Wete, Chake na Mkoani yana tabia moja. Kwenye sehemu ya chanzo cha fedha mara nyingi utakuta neno moja tu: kilimo, biashara au karafuu. Afisa aliyefungua akaunti alitaka nafasi isibaki tupu, mteja alitaka akaunti, na wote wawili waliondoka wameridhika. Baada ya mwaka, wewe wa ukaguzi wa ndani au wa uzingatiaji ndiye unayetakiwa useme kama fedha zilizopita humo zinafanana na lile neno.

Mwongozo huu ni wa aina moja ya mteja, yule aliyejaza karafuu. Nimemchagua kwa sababu karafuu ni chanzo kinachopimika vizuri kuliko vyanzo vingi vya Visiwani. Ina msimu wake, ina mnunuzi mmoja anayetambuliwa na sheria, yaani Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ZSTC, na bei yake hutangazwa. Mfano nitakaoutumia nimeutunga kutokana na sura ya mafaili ya kawaida, si wa mtu fulani. Tumwite Mzee S.

Kwanza andika utabiri wako, stetimenti ikiwa bado imefungwa

Kosa la kawaida ni kufungua stetimenti kwanza, ukaona fedha zilivyoingia, kisha ukarudi kwenye fomu kutafuta neno la kuzieleza. Ukifanya hivyo kila kitu kitaelezeka. Anza na fomu, na usiishie kwenye ile ya siku ya kwanza: tafuta kama kuna fomu ya kuhuisha taarifa iliyojazwa baadaye, kwa sababu mteja anapimwa kwa kauli yake ya mwisho.

Fomu ya Mzee S. ilisema hivi. Kazi: mkulima. Chanzo cha fedha: karafuu. Shamba: mikarafuu 80 katika shehia moja ya Wilaya ya Wete. Kiasi kinachotarajiwa kuingia kwa mwezi: kisichozidi 2,000,000. Njia: taslimu na malipo kutoka ZSTC. Viambatisho ni kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi na barua ya sheha. Ijue barua hiyo kwa kile inachokisema: inathibitisha anakaa wapi, haithibitishi kipato chake.

Sasa ligeuze neno karafuu liwe mambo manne unayoweza kuyaona kwenye stetimenti: nani atalipa, lini, kwa njia gani, na kiasi gani.

Nani atalipa ni ZSTC. Lini, ni wakati wa mavuno, ambayo kwa kawaida huanza karibu na Julai na huweza kuvuta hadi mwanzoni mwa mwaka unaofuata. Mikarafuu nayo haina nidhamu ya mshahara: mwaka mmoja hubeba sana, mwaka unaofuata ikabaki mitupu. Kwa hiyo ile "2,000,000 kwa mwezi" ilikuwa na kasoro tangu siku ilipoandikwa. Hakuna mkulima wa karafuu anayepata kiasi kilekile kila mwezi. Ukiona makadirio ya namna hiyo, ujue ni takwimu ya afisa wa kaunta, si ya mteja.

Njia ndipo wageni wa kazi hii wanapojikwaa. Malipo ya ZSTC huweza kuingia moja kwa moja kwenye akaunti, na mkulima huweza pia kulipwa taslimu kituoni, kisha akaja kuziweka mwenyewe. Malipo ya namna ya pili yatasomeka kwenye stetimenti kama taslimu, bila jina la ZSTC. Usiyahukumu kwa hilo. Tafuta stakabadhi ya mauzo yenye tarehe ya siku hiyo au siku chache kabla.

Kiasi kinahitaji hesabu kidogo. Kwa misimu mingi bei ya daraja la kwanza ilikuwa shilingi 14,000 kwa kilo ya karafuu kavu, nami nitatumia hiyo. Wewe tumia bei ya msimu unaoupima na daraja lililoandikwa kwenye stakabadhi. Mavuno ya mti mmoja hutofautiana mno kwa umri, matunzo na mwaka, kwa hiyo usijifanye unajua kilo kamili. Unachotaka ni ukubwa wa jambo: mikarafuu 80 haiwezi kuleta tani kumi, na kilo mia chache si ajabu. Kumbuka pia kwamba karafuu ikikauka hupungua sana, kilo tatu hivi za mbichi hutoa kilo moja kavu. Mteja akikutajia magunia, muulize kwanza ni ya mbichi au ya kavu.

Andika utabiri huo kwenye karatasi ya kazi, utie tarehe. Ndiyo kipimo chako, na hutakiwi kukibadilisha baada ya kuona majibu.

Chukua stetimenti inayobeba msimu mzima

Miezi mitatu haitoshi kwa karafuu. Ukichukua Februari hadi Aprili utaona mkulima asiye na karafuu. Ukichukua Septemba hadi Novemba utaona karafuu tupu na utamwachia mtu aliyestahili kuulizwa. Chukua miezi 12, kuanzia Julai hadi Juni. Uitoe mwenyewe kwenye mfumo wa benki, usipokee nakala aliyoleta mteja. Ukishaitoa, hakikisha imetimia: salio la kuanzia, jumlisha zilizoingia, toa zilizotoka, upate salio la mwisho. Isipofunga, kuna ukurasa uliokatika au miamala iliyochujwa, na huna sababu ya kuendelea.

Kuna mtego mmoja unaoharibu kipimo cha msimu bila mtu kutanabahi. Stetimenti zetu huandika tarehe kwa siku kisha mwezi. Ukiifungua kwenye programu ya majedwali iliyopangwa kwa mtindo wa mwezi kwanza, 03/08 itageuka kuwa tarehe 8 Machi badala ya tarehe 3 Agosti. Malipo ya karafuu ya Agosti yataruka hadi katikati ya ukame wa karafuu, nawe utaanza kumshuku mtu kwa kosa la kompyuta. Utaligundua hivi: tarehe ambazo siku yake imezidi 12 hubaki kama maandishi na hukaa upande wa kushoto wa kisanduku, na zile zilizogeuzwa hukaa kulia. Ukiona safu ya tarehe imegawanyika upande na upande, rudi uipakie upya.

Safisha zilizoingia kabla ya kuzihesabu

Si kila kilichoandikwa upande wa kuingia ni kipato. Ondoa uhamisho kutoka akaunti nyingine ya mteja yuleyule, miamala iliyoshindikana ikarudishwa, mkopo uliotolewa na benki yenyewe, na riba. Usizifute. Ziwekee alama tu, ili anayekagua kazi yako aone umetoa nini na kwa nini. Na kama akaunti ile nyingine nayo iko kwenye benki yako, ifungue. Kuhama kwa fedha kutoka mfuko wa kulia kwenda wa kushoto hakukwambii zilifikaje kwenye mfuko wa kulia.

Kisha ongeza safu mbili: njia iliyopitia fedha, na mwezi. Ikiwa tarehe iko safu ya A, zilizoingia safu ya D, njia safu ya E na mwezi safu ya F, mwezi unaupata kwa fomula ya kwanza hapa chini, na jumla ya njia moja kwa mwezi mmoja kwa ya pili:

```
=YEAR(A2)*100+MONTH(A2)
=SUMIFS(D:D,E:E,"TASLIMU",F:F,202403)
```

Majina ya njia yapange mwenyewe, machache tu: ZSTC, TASLIMU, SIMU, NDANI. Usiyatoe kwa kunakili maelezo ya muamala, maana huandikwa kwa namna tano tofauti na jumla zako zitavuja.

Kwa Mzee S. mwaka mzima uliingiza 22,930,000. Kikomo chake kwa mwezi ni 2,000,000, sawa na 24,000,000 kwa mwaka. Mfumo uliokuwa ukilinganisha jumla ya mwaka na makadirio ya fomu haukutoa tahadhari yoyote, na afisa mwenye haraka angefunga faili hapo.

Baada ya kusafisha, picha ni hii. ZSTC ililipa mara tatu: Agosti 2,520,000 kwa kilo 180, Oktoba 2,030,000 kwa kilo 145, na Disemba 1,330,000 kwa kilo 95. Jumla 5,880,000 kwa kilo 420. Taslimu ziliwekwa kaunta mara tano: Februari 2,400,000, Machi 1,900,000 na tena 2,100,000, Aprili 1,800,000, na Mei 2,350,000, jumla 10,550,000. Kutoka kwenye simu ziliingia mara tisa za 500,000, jumla 4,500,000. Na 2,000,000 zilihamia kutoka akaunti yake nyingine, hizo tunazitoa.

Inabaki 20,930,000, na karafuu zinazoonekana ni 5,880,000. Hazifiki hata theluthi.

Linganisha umbo, na ujue upande upi ndio wa kuuliza

Kilo 420 kwa mikarafuu 80 ni kilo tano na kidogo kwa mti. Kwa mwaka uliobeba, si jambo la kumshtua mtu. Sehemu ya karafuu ya fomu imepita.

Hapa niseme jambo ambalo wakaguzi wengi hulipima kinyume. Mkulima akiuza za milioni sita na akaweka benki milioni tatu, hakuna tatizo. Ana wachumaji wa kuwalipa kwa pishi, ana waliomkodisha miti, ana deni la duka la tangu mfungo wa Ramadhani. Fedha za msimu zina wenyewe kabla hazijafika kaunta. Kuweka pungufu ya mauzo ndiyo kawaida, na si kazi yako kumfuata mtu hadi kwenye deni la dukani. Kinachohitaji maelezo ni kuweka zaidi ya mauzo, au kuweka wakati hakuna mauzo.

Mzee S. anayo yote mawili. Kuanzia Februari hadi Mei, miezi ambayo utabiri wetu ulisema haitakuwa na karafuu, ndipo taslimu zilipomiminika. Utetezi wa kwanza unaokuja akilini ni kwamba alilipwa taslimu Disemba akazihifadhi nyumbani. Unapimika kirahisi: malipo yake yote matatu ya ZSTC yaliingia akaunti moja kwa moja. Kama aliuza nyingine kwa taslimu, stakabadhi zake zitakuwepo. Na je, alitoa taslimu nyingi Disemba au Januari ambazo huenda ndizo zilizorudi? Angalia upande wa kutoka. Kwa Mzee S. hakukuwa na utoaji wa kiasi hicho.

Soma kilichotokea baada ya fedha kuingia

Upande wa kutoka ndio unaosema zaidi, na wengi hawaufungui kwa sababu fomu inauliza chanzo tu. Chukua kila taslimu uliyoitilia alama, kisha usome saa 48 zinazofuata.

Ile ya Februari iliwekwa saa tatu na dakika kumi na mbili asubuhi, 2,400,000. Kabla ya saa nne 2,350,000 zilikwishatoka kwenda namba ya uwakala wa fedha za simu. Machi 1,900,000 zilikwenda namba ileile siku hiyohiyo. Aprili hivyohivyo, na Mei hivyohivyo. Huyu si mkulima anayeweka akiba, ni wakala anayebadilisha taslimu za dukani kuwa floti. Wateja wake wamekuja kutuma fedha, droo imejaa noti, simu imekauka, naye anakimbilia benki. Umbo hilo ukishalijua hutalisahau: inaingia taslimu, inatoka karibu yote kwa namba moja, na salio halikui.

Moja haikufuata mkumbo, ile ya pili ya Machi, 2,100,000. Haikwenda kwenye floti. Ilikaa siku mbili, kisha ikahamishiwa kwa mtu wa tatu ambaye hakuwahi kuonekana kwenye akaunti kabla ya hapo.

Toa hati, usitegemee mstari wa stetimenti

Stetimenti itakwambia taslimu iliwekwa. Haikwambii nani alisimama kaunta. Kwa hilo unahitaji hati ya kuweka fedha, yenye jina na saini ya aliyeleta. Omba hati zote tano, hata zile ulizokwisha kuzielewa, kwa sababu jina lako la kulinganisha linatoka humo.

Nne zilikuwa na saini ya Mzee S. mwenyewe au ya kijana wake wa dukani, tawi la Wete. Ya tano, ile 2,100,000, iliwekwa tawi la Chake Chake na mtu mwingine kabisa. Kwenye nafasi ya sababu ya malipo ameandika "biashara".

Kwenye miamala ya simu fanya vivyo hivyo: panga kwa namba na jina la mtumaji. Saba kati ya tisa, jumla 3,500,000, zilitoka namba moja yenye jina la ukoo wa Mzee S. Mbili, jumla 1,000,000, zilitoka namba nyingine, na moja ya hizo mbili iliingia siku tatu kabla ya ile taslimu ya Chake.

Muulize, lakini usimpe majibu

Kama hati tayari zimekujaza shaka nzito, simama hapa na uende kwa afisa wa kuripoti kabla ya kumpigia mteja simu. Sheria ya Zanzibar ya mwaka 2009 dhidi ya utakatishaji wa fedha haramu inakataza kumdokezea mtu kwamba anaripotiwa, na maswali mabaya ni kudokeza tosha. Kama bado ni tofauti tu kati ya fomu na stetimenti, kuuliza ni sehemu ya kawaida ya kuhuisha taarifa.

Anza mbali. "Mzee, msimu uliopita ulikwendaje?" Muache aseme. Mzee S. alieleza kilo alizouza, zikakaribiana na stakabadhi. Kisha: "Na nje ya msimu, mzee, mkono unakwenda vipi?"

"Mwanangu ananitumia, yuko Unguja. Na pale dukani nafanya uwakala. Hamkuniuliza siku ile, mliuliza kazi nikasema mkulima."

Kauli hiyo inaaminika, na pia ndiyo inayofichua ubovu wa fomu. Lakini kuaminika hakutoshi kwenye faili. Alitakiwa alete mkataba wa uwakala, leseni ya biashara ya duka na daftari lake la kila siku. Daftari lilionyesha kwamba siku zile nne alikusanya taslimu zinazokaribiana na alizoweka. Kwa hiyo 8,450,000 zikapata maelezo yenye ushahidi. Na 3,500,000 za mwanawe zikapata maelezo baada ya jina la namba kulinganishwa na taarifa za familia alizotoa.

Zikabaki 2,100,000 na 1,000,000. Alipoulizwa kuhusu fedha za Chake Chake alisema: "Huyo alinunua karafuu zangu, zilibaki kidogo."

Kwa mtu wa Bara jibu hilo lingefunga swali. Fomu inasema karafuu, na yeye anasema karafuu. Kwa mtu wa Pemba ndipo swali linapofunguka. Karafuu huuzwa ZSTC. Mnunuzi binafsi wa karafuu kavu mwezi Machi ni mnunuzi asiyepaswa kuwepo. Kwa 14,000, fedha zile zingekuwa kilo 150, na mikarafuu yake ilikwisha kutoa 420. Magendo ya karafuu kuvuka bahari kwenda Kenya si hadithi ngeni kwa kisiwa hiki.

Usikimbilie hapo moja kwa moja, kwa sababu ipo njia halali ya mtu binafsi kumlipa mkulima fedha zenye jina la karafuu. Watu hukodishana mikarafuu. Mwenye shamba hupokea fedha, aliyekodi huchuma na kuuza ZSTC kwa jina lake mwenyewe. Malipo hayo huja kabla ya mavuno, na kawaida watu huandikishana mbele ya sheha au mashahidi. Kwa hiyo swali la mwisho lilikuwa moja tu, nalo liliulizwa bila kumtajia neno kukodisha: "Mliandikishana?" Hakukuwa na karatasi, na alirudia kuwa alimuuzia. Kuhusu mtu wa tatu aliyehamishiwa fedha zile, alisema hamjui vizuri. Kuhusu zile 1,000,000 alisema hakumbuki.

Amua kwa kila fungu, si kwa mteja mzima

Makosa mawili hutokea hapa. La kwanza ni kumsafisha mteja kwa sababu sehemu kubwa imeelezeka. La pili ni kumchafua mzima kwa sababu sehemu ndogo haikuelezeka. Gawa.

Uwakala ni biashara isiyotajwa. Dawa yake ni fomu mpya iliyojazwa vizuri, vyanzo vitatu vikiwa vimeandikwa kila kimoja na makadirio yake: karafuu kwa msimu, si kwa mwezi, uwakala kwa mzunguko wa floti, na fedha za mwanawe. Mshauri pia afungue akaunti ya biashara, kwa sababu floti ikichanganyika na karafuu, kipimo cha mwaka ujao hakitafanyika. Kiwango chake cha hatari kinapanda, kwani wakala hushika taslimu za watu wengi.

Fedha za Chake pamoja na zile 1,000,000 zinakwenda kwa afisa wa kuripoti wa benki bila kuchelewa, ambaye ndiye anayeamua kuhusu taarifa kwa Kitengo cha Kudhibiti Fedha Haramu. Udogo wa kiasi si hoja. Mtu mmoja wa Chake huweza kuwa ameweka 2,100,000 kwenye akaunti kumi za wakulima kumi, na wewe umeona moja. Kwa sababu hiyo, ndani ya karatasi yako andika jina la aliyeweka kama lilivyo kwenye hati, ili litafutwe kwenye akaunti nyingine. Mzee S. haambiwi lolote juu ya hatua hii, wala kijana wa kaunta aliye jirani yake.

Andika pia mipaka ya kazi yako, maana atakayeisoma asidhani umethibitisha zaidi ya ulichothibitisha. Stakabadhi ya ZSTC inaonyesha kwamba kilo zile ziliuzwa kwa jina la Mzee S. Haionyeshi kwamba zilichumwa kwenye miti yake. Mtu huweza kuuza za jirani kwa jina lake, kwa wema au kwa ujira, na stetimenti haitaliona hilo. Daftari la wakala nalo ameliandika mwenyewe. Likikaribiana na hati nne za benki lina uzito, lakini taarifa ya miamala kutoka kampuni ya simu ingekuwa na uzito zaidi, na ukiweza kuipata kwa idhini ya mteja, iombe.

Mwisho weka tarehe ya kurudi. Kwa mteja wa karafuu usiweke Disemba kwa sababu ndiyo mwisho wa mwaka wa hesabu. Weka Mei: msimu uliopita umekwisha, stakabadhi zote zimekusanyika, na mikarafuu bado haijaanza kuchumwa. Mwezi huo taslimu yoyote inayoitwa ya karafuu italazimika kujieleza, na malipo ya kukodishana ya msimu ujao yataanza kuonekana yakiwa na karatasi zake.